Homa, Maumivu Chini ya Kitovu na Uchafu: Siku Tatu za Kwanza

Kama uko jikoni, punguza moto kidogo usogee karibu na redio. Kama kuna wasichana wakubwa nyumbani, waite nao wasikie, kwa maana leo tunazungumza juu ya ugonjwa ambao wanawake wengi huuficha, na hasara yake huja miaka mingi baadaye, wakati mtoto anatafutwa na haonekani.

Ugonjwa huu ni ambukizo la viungo vya uzazi vilivyo ndani ya nyonga. Hospitalini utawasikia wakiuita pi-ai-di. Kule Pwani mama mwenye maumivu haya huenda akaambiwa ana chango. Kwingine ataambiwa amefungwa na mtu, au kwamba ni baridi ya kulala chini. Sitabishana na majina. Ninachotaka ujue ni kile kinachotendeka ndani ya mwili wako, na kwa nini kila siku unayongoja ina bei yake.

Kwanza tuyaelewe maumbile. Ukeni juu kabisa kuna mlango mdogo wa mji wa mimba, ambao wengi tunauita nyumba ya mtoto. Siku nyingi za mwezi mlango huo umezibwa na ute mzito, na ute huo ni kama askari wa getini. Kutoka pembe mbili za mji wa mimba hutoka mirija miwili, mmoja kila upande, na kila mrija ni mrefu kiasi cha sentimita 10. Mwisho wa kila mrija kuna ncha zilizochanua kama vidole, ambazo hulipokea yai linapotoka. Mrija huo ni mwembamba sana. Mahali penye nafasi ndogo zaidi, njia ya ndani ni kama milimita moja tu, sawa na unene wa uzi wa kushonea magunia. Na ndani yake kuna vinyweleo vidogo mno visivyoonekana kwa macho, vinavyopepea wakati wote na kulisukuma yai polepole hadi kwenye mji wa mimba.

Sasa ambukizo huanzia chini. Mara nyingi ni kisonono au klamidia iliyopatikana kwa kulala na mtu aliyeambukizwa. Viini hukaa kwanza kwenye mlango wa mji wa mimba, na hapo huenda usisikie lolote, ama utaona uchafu umebadilika tu, umekuwa mwingi, wa rangi ya manjano au wenye harufu. Kisha hupanda juu. Hupenda sana kupanda wakati wa hedhi au siku chache baada yake, kwa sababu ule ute mzito umeondoka na geti limebaki wazi. Ndiyo maana wanawake wengi husema, "Nilimaliza hedhi vizuri, kisha tumbo likaanza." Viini vikifika kwenye mirija, mwili hupigana navyo. Mrija huvimba, hujaa maji na usaha, na vile vinyweleo hufa. Kidonda kinapopona huacha kovu. Kwenye mkono kovu si kitu, unaendelea kulima na kufua. Lakini kwenye njia yenye upana wa milimita moja, kovu dogo latosha kuifunga.

Elewa jambo hili vizuri, kwa kuwa ndilo kiini cha mazungumzo ya leo. Dawa huua viini, lakini haiondoi kovu lililokwisha kutokea, wala haivirudishi vinyweleo vilivyokufa. Ukitibiwa mapema, dawa hufika kabla kovu halijajengeka. Ukitibiwa umechelewa, utapona homa, utapona maumivu, uchafu utakauka, nawe utasema umepona kabisa, kumbe mrija umefungwa.

Jambo hili limepimwa. Katika mji wa Lund, nchini Uswidi, madaktari waliwafuatilia wanawake wapatao 1,800 waliougua ugonjwa huu kati ya mwaka 1960 na 1984. Waliougua mara moja, kama 8 katika kila 100 hawakupata mtoto kwa sababu mirija ilikuwa imeharibika. Walioambukizwa mara mbili, karibu 20 katika kila 100. Walioambukizwa mara tatu au zaidi, karibu 40. Mwaka 1993 ulichapishwa uchunguzi mwingine uliotumia kumbukumbu za wanawake hao hao, ukiangalia siku walizongoja. Wale waliokaa siku tatu au zaidi na dalili kabla ya kutafuta matibabu walikuwa na shida ya uzazi mara tatu kuliko wale waliokwenda upesi. Siku tatu, mama. Nusu wiki tu.

Tutazame sasa jinsi siku hizo zinavyopotea. Tumchukue mama mmoja wa mfano, wa miaka 24, muuza mboga sokoni, mwenye mtoto mmoja wa miaka mitatu. Yeye na bwana yake wamekubaliana kwamba mwakani watatafuta wa pili.

Hedhi yake iliisha Jumamosi. Jumatatu alipoinua gunia la kabeji alisikia maumivu chini ya kitovu, pande zote mbili, mazito kama ya hedhi ingawa hedhi imekwisha. Usiku ule walipolala pamoja na bwana yake aliumia sana kwa ndani, akanyamaza. Uchafu ulikuwepo tangu wiki mbili nyuma, lakini alidhani ni kawaida, akawa anajisafisha kwa maji ya chumvi na sabuni hadi ndani. (Hapo nisimame kidogo. Uke hujisafisha wenyewe. Ukiosha ndani kwa sabuni, chumvi au ndimu unawaua wale wadudu wazuri wanaoulinda, na hujamfikia hata mmoja wa wale wabaya walioko juu. Osha nje tu, kwa maji safi.)

Jumanne alikwenda kwa kemisti. Kulikuwa na foleni nyuma yake na wanaume wawili wakisikiliza, kwa hiyo alisema tu, "Tumbo linaniuma." Akauziwa vidonge vya maumivu na kapsuli sita za amoksilini. Jumatano alijisikia nafuu, akashukuru. Nafuu hiyo ilitoka kwenye vidonge vya maumivu. Zile kapsuli sita hazikuwa dawa ya ugonjwa huu, maana klamidia haitibiwi kwa kapsuli sita za amoksilini, na kisonono cha siku hizi kimezoea dawa nyingi za zamani. Viini viliendelea na kazi yao huku yeye akiendelea kuuza mboga.

Alhamisi jioni mwili ulitetemeka. Homa. Mama mkwe akasema ni malaria, jirani akasema ni taifodi, na wote wawili walikuwa na nia njema. Hapa ndipo wanawake wengi wa Kenya hupoteza siku nyingine tatu au nne, kwa sababu ukifika mahali popote ukasema neno "homa" peke yake, utapimwa malaria, utapimwa taifodi, na utaondoka na dawa za mojawapo hata kama kipimo hakikuonyesha kitu. Si kwamba mhudumu ni mbaya. Hukumwambia lile jambo la pili na la tatu.

Kwa hiyo ukifika, yataje yote matatu kwa pamoja: "Nina homa, naumwa chini ya kitovu, na natokwa na uchafu." Ukiona aibu kusema mbele ya watu, mwambie nesi, "Nina shida ya kike, naomba kuongea kando." Hilo linaeleweka kila kituo cha afya nchini. Ukisema pia kwamba unaumia wakati wa tendo la ndoa, au umetokwa na damu katikati ya mwezi, umemsaidia zaidi.

Mama wetu alifika kituo cha afya Ijumaa asubuhi, siku ya tano. Walimpima joto likawa digrii 38.7. Afisa wa kliniki alimuuliza siku ya hedhi ya mwisho, kama anatumia njia yoyote ya kupanga uzazi, na kama ametoka kujifungua au mimba kuharibika hivi karibuni. Kisha alimtuma akalete mkojo.

Mkojo huo ni wa nini? Kwanza ni kipimo cha mimba. Usikasirike ukipimwa mimba hata ukiapa huna. Mimba iliyotunga nje, ndani ya mrija, huleta maumivu chini ya kitovu vile vile, na hiyo yaweza kumuua mwanamke kwa kutokwa na damu ndani ya saa chache. Pili, mkojo huonyesha kama kuna ambukizo la kibofu, ambalo huleta kuchomwa wakati wa haja ndogo na kwenda msalani mara kwa mara. Afisa huyo pia alifikiria kidole tumbo, ambacho maumivu yake mara nyingi huanzia karibu na kitovu kisha huhamia chini upande wa kulia, na chakula hakipandi kabisa. Mama yetu aliumwa pande zote mbili, na kipimo cha mimba kilikuwa safi.

Halafu alipimwa kwa mkono. Najua wengi hukimbia kwa sababu ya kipimo hiki, kwa hiyo nitakieleza. Unalala chali, magoti juu, umefunikwa shuka. Una haki ya kuomba mhudumu wa kike, au nesi mwanamke awepo chumbani. Mhudumu hutazama kwa chombo kama uchafu unatoka kwenye mlango wa mji wa mimba, kisha akiwa amevaa glavu huingiza vidole viwili na kuutikisa mlango huo polepole, mkono wa pili ukibonyeza tumbo kutoka juu. Mwanamke asiye na ugonjwa atasikia kusukumwa tu. Mwenye ambukizo ataruka. Mama yetu aliruka hadi nusura ashuke kitandani, na hapo jibu lilipatikana.

Ngoja niseme hili waziwazi, kwa sababu linawachanganya watu: hakuna kipimo kimoja cha damu kinachosema, "Huyu ana pi-ai-di." Vipimo vya klamidia na kisonono vipo katika hospitali kubwa, lakini hata vikisema hakuna, ugonjwa huenda upo juu kwenye mirija. Ndiyo maana mwongozo wa matibabu ni huu: mwanamke aliye katika umri wa kuzaa na anayefanya mapenzi, akiumwa chini ya kitovu, akaumia pia anapopimwa kwa mkono, na hakuna sababu nyingine iliyoonekana, aanze dawa siku hiyo hiyo. Usingoje majibu ya maabara ya wiki ijayo. Na homa isikudanganye. Wengi hawapati homa kabisa, na hasa klamidia hufanya kazi yake kimya kimya, kwa maumivu madogo ambayo mama huyavumilia. Udogo wa maumivu hausemi chochote juu ya ukubwa wa uharibifu.

Dawa alizopewa zilikuwa tatu, na huu ndio utaratibu unaotumika mahali pengi. Alidungwa sindano moja ya seftriaksoni pale pale, kwa ajili ya kisonono. Akapewa doksisaiklini za miligramu 100, kimoja asubuhi na kimoja jioni kwa siku 14, kwa ajili ya klamidia. Hivyo ni vidonge 28. Na akapewa metronidazoli mara mbili kwa siku, nazo kwa siku 14, kwa ajili ya viini vingine vinavyokaa mahali pasipo hewa. Ni tatu kwa sababu viini vyenyewe huja kwa mchanganyiko, na dawa moja haiwezi kuvimaliza vyote.

Sasa mahali ambapo matibabu huharibika. Doksisaiklini humezwa na glasi nzima ya maji, ukiwa umekaa au umesimama, na usilale kwa nusu saa. Ukimeza na funda dogo la maji ukajitupa kitandani, kidonge hukwama kooni na kukuchoma, kisha kesho yake utaacha dawa ukisema ni kali. Kula kitu kidogo kwanza. Usimeze pamoja na vidonge vya kuongeza damu wala dawa za kiungulia, kwa sababu hushikamana nayo tumboni na haingii mwilini. Zipishanishe kwa saa mbili au tatu. Jua nalo litakuunguza upesi kuliko kawaida, kwa hiyo mama wa sokoni avae leso kichwani na mabegani. Metronidazoli huacha ladha ya chuma mdomoni na kichefuchefu kidogo, na pombe iepukwe kabisa mpaka dawa ziishe. Kama una mimba, au unadhani unayo, sema kabla ya kupewa dawa, maana doksisaiklini haimfai mama mjamzito, na mjamzito mwenye ugonjwa huu hutibiwa akiwa amelazwa. Anayenyonyesha naye aseme.

Jambo lingine ni siku ya nne. Kwa kawaida maumivu na homa hupungua sana ndani ya siku tatu. Hapo mama huona amepona, hukunja vidonge vilivyobaki kwenye karatasi na kuviweka kabatini kwa ajili ya "siku nyingine". Kinachopona mapema ni homa. Viini ndani ya mrija bado vipo. Maliza siku zote 14.

Mama yetu aliambiwa arudi Jumatatu, baada ya saa 72. Kurudi huko ni sehemu ya tiba. Anapimwa tena kwa mkono ili ionekane kama maumivu yamepungua. Kama hayajapungua, huenda kuna jipu kwenye mrija na kifuko cha mayai, au ugonjwa ni mwingine, na ni lazima apelekwe hospitali kubwa kupigwa picha ya tumbo na kupewa dawa za mshipa. Vilevile usingojee hizo saa 72 ukiwa unatapika dawa zote, ukiwa na homa kali isiyoshuka, tumbo likiwa gumu kama ubao, au ukizirai. Hapo nenda hospitali mara moja, hata kama ni usiku. Na kama ulijifungua ndani ya wiki sita zilizopita, au mimba imeharibika, ukapata homa na uchafu wenye harufu mbaya, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo. Usianzie kwa kemisti.

Tukija kwa bwana. Ukitibiwa peke yako, utaambukizwa tena usiku wa kwanza mtakaporudiana, na umesikia tulivyosema: mara ya pili hatari huongezeka zaidi ya maradufu. Kila mwanamume uliyelala naye katika siku 60 zilizopita anapaswa kutibiwa, hata kama haumwi popote. Wanaume wengi wenye klamidia hawasikii lolote, na wapo wenye kisonono wasiosikia pia. Na msikutane kimwili hadi nyote wawili mmemaliza dawa na wewe huna maumivu tena.

Nyumba nyingi huwaka moto hapa, kwa hiyo nisikilize vizuri. Ugonjwa huu hauthibitishi kwamba mmoja wenu ametoka nje juzi. Klamidia yaweza kukaa mwilini miezi mingi bila dalili, na huenda iliingia kabla hamjaoana. Tena si kila mara chanzo ni ugonjwa wa zinaa; wakati mwingine ni viini vya kawaida vya ukeni vilivyozidi na kupanda juu. Mama wa mfano wetu alimweleza bwana yake maneno haya: "Daktari amesema nina ambukizo ndani ya tumbo la uzazi, na amesema dawa yangu haitafanya kazi kama wewe hukumeza yako. Tunataka mtoto mwakani. Twende Jumamosi." Hakumuuliza ni nani. Bwana alinung'unika, akaenda. Vituo vingine hutoa kadi ya kumpelekea mwenzi ili aeleweke akifika bila maswali mengi, iombe. Na kama unajua kwamba ukimwambia utapigwa, mwambie mhudumu hivyo kabla hujatoka chumbani, mtafute njia nyingine pamoja. Kipimo cha virusi vya ukimwi na cha kaswende nacho kifanywe siku hiyo, kwa sababu njia ya kuingilia ni moja.

Wanaotumia koili wataniuliza. Koili yenyewe si chanzo cha ugonjwa huu. Hatari huongezeka kidogo katika wiki tatu za kwanza baada ya kuwekwa, hasa kama ambukizo lilikuwepo tayari kwenye mlango wa mji wa mimba. Ukiugua ukiwa nayo, kwa kawaida unatibiwa ikiwa ndani, na itatolewa tu kama hupati nafuu ndani ya siku mbili tatu. Kondomu ndiyo inayozuia viini. Sindano, vidonge na koili vinazuia mimba.

Nirudi kwa msichana wa nyumbani, kwa sababu mlezi ndiye wa kwanza kumwona amejikunja. Wasichana wadogo huambukizwa kwa urahisi zaidi, maana mlango wao wa mji wa mimba haujakomaa, na ndio wanaongoja muda mrefu zaidi, kwa hofu yako wewe. Binti wa miaka 16 au 17 akiwa na maumivu chini ya kitovu yasiyofuata hedhi, akitembea ameinama na mwili una joto, usimalize kwa chai ya tangawizi na chupa ya maji moto. Wala usianze na, "Nani huyo?" Mpeleke, na mkifika mwambie mhudumu, "Ongea naye peke yake, mimi nangoja nje." Shangazi au nyanya anaweza kumpeleka kama wewe unajua hasira zako. Jina la kijana litatafutwa baadaye, na kama kuna mtu mzima aliyemwingilia mtoto, hilo ni la polisi na halina kungoja. Lakini mirija yake haitangoja muafaka wa ukoo.

Je, mama yetu atapata mtoto wa pili? Alitibiwa siku ya tano, akamaliza dawa, bwana akatibiwa, na Jumatatu alipopimwa maumivu yalikuwa yamepungua sana. Uwezekano mkubwa ni kwamba atapata, kwa maana wengi wanaougua mara moja huzaa. Lakini hakuna mtu awezaye kuitazama mirija yake kutoka nje na kumhakikishia. Angefika Jumanne, badala ya kupanga foleni kwa kemisti, angekuwa mahali pazuri zaidi.

Naye ameagizwa mambo mawili, ambayo nakuagiza na wewe kama umewahi kuugua hivi. La kwanza, mkitafuta mtoto miezi sita ipite bila mimba, usingoje mwaka wala miaka mitatu ukizunguka kwa waganga. Mweleze daktari kwamba uliwahi kutibiwa ambukizo la nyonga, naye atakuandikia picha ya mirija. Dawa ya maji hupitishwa kwenye mlango wa mji wa mimba huku eksirei ikipigwa, ionekane kama inapita pande zote mbili. Mmoja ukiwa wazi bado unaweza kushika mimba mwenyewe. Ikiwa yote miwili imefungwa, njia iliyobaki mara nyingi ni kutungisha mimba maabara, jambo ambalo limefanyika hapa kwetu tangu watoto wa kwanza walipozaliwa Nairobi mwaka 2006. Linawezekana, ila gharama yake ni shilingi laki kadhaa kwa jaribio moja, na jaribio si ahadi.

La pili ni la siku utakapofurahi. Hedhi ikikosa, kapime mimba mapema, na uende kliniki mapema kuliko mama mwingine, kwa sababu mrija wenye kovu waweza kulishika yai katikati ya safari. Miongoni mwa wale wanawake wa Lund, waliowahi kuugua, kama 9 katika kila 100 mimba yao ya kwanza baada ya ugonjwa ilitunga nje. Kwa wenzao ambao hawakuugua ilikuwa kama 1 au 2. Hedhi ikiwa imechelewa, ukasikia maumivu upande mmoja, damu kidogo ya rangi ya kahawa, kizunguzungu, au maumivu ya ajabu juu ya bega, usimeze kidonge cha maumivu ukalala. Mwamshe mtu, tafuteni gari, na mwende hospitali yenye chumba cha upasuaji usiku huo huo. Ukifika useme: "Huenda nina mimba, na niliwahi kuugua ambukizo la mirija."

Juma lijalo, mama, tutazungumza juu ya huduma ya koo na masikio ya watoto wakati wa baridi. Kwaheri kwa sasa.